Tovuti ya Milioni Moja na Laki Mbili Inagharimu Kiasi Gani?

Mwenye nyumba ya wageni anapopokea ankara ya kutengenezewa tovuti, macho huenda moja kwa moja kwenye jumla iliyo chini ya ukurasa. Shilingi 1,200,000, kikoa na nafasi kwenye seva vikiwemo. Akiona anazimudu, hutia saini. Ankara hiyo huenda ikawa sahihi kabisa, na fundi aliyeiandika akawa mwaminifu kabisa, lakini inajibu swali moja tu: kuijenga tovuti ni bei gani. Kuwa na tovuti ni hesabu nyingine. Tovuti hulipiwa kila mwaka, na mwenye biashara anapaswa kuijua hesabu hiyo kabla ya kutoa malipo ya awali.

Tuchukue mfano mmoja tuupigie hesabu hadi mwisho. Ni nyumba ya wageni ya vyumba 12 iliyoko Bagamoyo, karibu na bahari, yenye aina nne za vyumba na wastani wa shilingi 80,000 kwa chumba kwa usiku. Wageni wake ni Watanzania wanaotoka Dar es Salaam mwishoni mwa wiki, wanaokuja kwa semina, na watalii kutoka nje. Mwenye nyumba anataka tovuti ya kurasa nane kwa Kiswahili na Kiingereza, yenye kalenda inayoonyesha vyumba vilivyo wazi na fomu ya kuomba nafasi. Malipo ya kadi hayatafanyika ndani ya tovuti. Mgeni atathibitishiwa kwa simu na kulipa kwa njia anazozijua. Bei nitakazotumia ni makisio ya mfano huu, na dola nitaihesabu kwa shilingi 2,600. Wewe utaweka bei ulizopewa na mafundi wako. Njia ya kuhesabu haibadiliki.

Hesabu tuifanye kwa miaka mitatu. Mwaka mmoja ni mfupi mno, kwa sababu mwaka wa kwanza umejaa ofa na punguzo, na gharama halisi hujitokeza mwaka wa pili. Miaka mitano nayo ni mirefu mno, kwa sababu kabla haijaisha tovuti nyingi huwa zimeshasukwa upya.

Tuanze na kikoa, yaani jina lenyewe la tovuti. Katika hesabu nzima ndicho kitu cha bei ndogo kuliko vyote. Kikoa kinachoishia na .co.tz tukikadirie shilingi 30,000 kwa mwaka. Kiasi hicho hakimtishi mtu, na ndiyo sababu wengi humwachia fundi akisajili yeye, kwa jina lake na kwa barua pepe yake. Hapo ndipo hatari kubwa kuliko zote inapoingia. Fundi akihama mji, akibadilisha namba, au mkigombana, jina lililochapishwa kwenye kibao, kadi na vipeperushi vyako linabaki mikononi mwa mtu mwingine. Kulirudisha huchukua barua, uthibitisho na muda, na wakati mwingine halirudi.

Kujua kikoa ni cha nani si jambo gumu. Ukurasa wa msajili wowote una sehemu ya kutafutia, na mwenye kompyuta anaweza kuandika amri hii:

```
whois jinalako.co.tz
```

Katika majibu, tafuta mstari wa `registrant`, unaomtaja mwenye kikoa, na mstari wa `expire`, unaoonyesha siku kitakapoisha. Mstari wa kwanza ukiwa na jina la fundi, omba libadilishwe kabla hujamlipa sehemu ya mwisho ya fedha zake. Tarehe ya mstari wa pili iandike kwenye kalenda ya simu yako, mwezi mmoja kabla. Kwa vikoa vya .com utaratibu wa kawaida baada ya muda kuisha ni huu: msajili anaweza kukupa nafasi ya kulipia isiyozidi siku 45, kisha jina huingia kipindi cha ukombozi cha siku 30, ambapo kulirudisha hutozwa ada ya ziada inayopita mbali bei ya mwaka. Zikifuata siku tano za mwisho, jina huachiwa na mtu yeyote aweza kulichukua. Wakati huo wote tovuti inaweza kuwa imezimwa, na barua pepe zinazotumia jina hilo zimezimwa pamoja nayo.

Baada ya kikoa inakuja nafasi kwenye seva, ambayo mafundi huiita hostingi. Hapa mtego uko kwenye bei ya mwaka wa kwanza. Kampuni nyingi hutoa bei ya kukaribisha wateja wapya, na mwaka wa pili bei hupanda, mara nyingi hata maradufu. Kwa hiyo usiulize hostingi ni bei gani. Uliza kuihuisha ni bei gani, na jibu upewe kwa maandishi. Kwa mfano wetu, mwaka wa kwanza umo ndani ya zile 1,200,000, na miaka inayofuata tunakadiria shilingi 180,000 kila mwaka. Nyumba ya vyumba 12 haihitaji seva yake peke yake. Nafasi ya kushirikiana na tovuti nyingine inaitosha kabisa, mradi kuwe na nakala rudufu za kila siku na anwani kadhaa za barua pepe. Cheti cha usalama, kinachofanya anwani ianze na `https`, kisikutoe fedha. Shirika la Let's Encrypt hukitoa bure, na kampuni nyingi za hostingi hukiweka zenyewe na kukihuisha zenyewe. Ukikiona kwenye ankara kimewekewa bei kubwa, omba maelezo.

Ukilipia hostingi ya nje kwa dola, kumbuka kwamba benki hubadilisha fedha kwa bei yake, si ile unayoisikia kwenye taarifa ya habari, na shilingi ikishuka, gharama yako hupanda bila kampuni kugusa bei. Kama fundi wako amesajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani, soma kama bei aliyoandika ni kabla au baada ya asilimia 18. Kwenye kazi ya shilingi 1,200,000, tofauti hiyo ni 216,000. Fundi wa mfano wetu hajasajiliwa, kwa hiyo hesabu yetu haina kodi hiyo.

Sasa tuingie kwenye programu-jalizi, au plagini kama mafundi wanavyoziita. Tovuti nyingi za biashara ndogo hujengwa kwa WordPress, mfumo ambao wenyewe ni wa bure. Kazi za ziada, kama kalenda ya vyumba, lugha mbili na fomu, huongezwa kwa plagini. Nyingi ni za bure, nyingine huuzwa. Zinazouzwa haziuzwi mara moja kama kiti au kabati. Leseni yake ni ya mwaka, na malipo ya mwaka hukupa masasisho na msaada. Kwa nyumba yetu tunahitaji mbili za kulipia, moja ya kalenda ya vyumba na nyingine ya lugha mbili. Tuseme kwa pamoja ni dola 110 kwa mwaka, sawa na shilingi 286,000.

Usipolipa mwaka wa pili, kwa kawaida plagini haizimiki. Inaendelea kufanya kazi, na mwenye tovuti hudhani ameokoa fedha. Kilichokoma ni masasisho. Watengenezaji wanapogundua tundu la usalama, hulitangaza na kuliziba kwa toleo jipya, na tangazo hilo hilo huwaonyesha wezi mahali pa kupita katika tovuti ambazo hazijasasishwa. Wezi hawa hawaichagui nyumba ya wageni ya Bagamoyo kwa kuijua. Programu zao hupita tovuti kwa maelfu zikitafuta toleo lenye tundu. Dalili za kuvamiwa hazionekani upesi, kwa sababu ukurasa wako wa mbele unaweza kubaki vilevile huku nyuma yake kukiwa na mamia ya kurasa za kuuza dawa au kamari. Ili kuchunguza, andika hivi kwenye Google:

```
site:jinalako.co.tz
```

Utaona kurasa za tovuti yako ambazo Google inazifahamu. Ukikuta vichwa vya habari usivyovijua au lugha usizozitumia, tovuti imeingiliwa. Kuisafisha ni kazi ya siku nzima au zaidi ya fundi mzuri, na gharama yake hupita leseni ulizokwepa kulipa.

Kuhusu plagini kuna maswali mawili ya kumuuliza fundi. La kwanza ni leseni iko kwa jina la nani. Mafundi wengi hununua leseni moja inayoruhusu tovuti nyingi, kisha huitumia kwa wateja wao wote. Hilo si kosa pale mtengenezaji wa plagini anaporuhusu, lakini siku mkiachana, masasisho yako hukoma, na gharama ambayo hukuiona kwenye ankara inakufikia kwa mkupuo. Swali la pili ni zimepatikana wapi. Plagini za kulipia zilizovunjwa kufuli na kusambazwa bure ni njia kuu ya kupachika programu za wizi ndani ya tovuti. Fundi anayekupa plagini ya kulipia bila kuonyesha risiti wala akaunti ya leseni, usiichukue kazi yake.

Nimelichukulia jambo la picha kwa uzito kuliko mengine, kwa sababu katika biashara ya vyumba picha ndizo zinazouza, na ndizo ambazo wenye nyumba hutaka kuzifanyia akiba. Ankara nyingi za tovuti huandika kwamba mteja ataleta picha. Maneno hayo machache yanahamishia kwako gharama ya laki kadhaa. Kama huna picha nzuri, fundi atasubiri miezi, au ataweka picha za vyumba visivyo vyako alivyovipata mtandaoni, na mgeni akifika akakuta chumba kingine, hasira yake ataiandika mahali ambapo kila mtu ataisoma.

Nyumba yetu ina vyumba 12, lakini haina haja ya kupigwa picha vyote. Aina ni nne, na kila aina inatosha kwa picha nne: kitanda, dirisha na mwanga wake, bafu, na kona moja ya chumba inayoonyesha ukubwa wake kwa kweli. Hizo ni 16. Ongeza ukumbi, kifungua kinywa, ua, lango, ufukwe na wahudumu kazini, utafika kwenye picha 30 zilizokamilika. Hiyo ni kazi ya siku moja na nusu, kwa sababu kinachokula muda ni kupanga chumba kuliko kubonyeza kamera. Mashuka yapigwe pasi, nyaya zifichwe, taa zilizoungua zibadilishwe. Tena saa ina umuhimu wake: Bagamoyo bahari iko mashariki, kwa hiyo upande wa nyumba unaotazama maji hupata mwanga mzuri asubuhi, na alasiri huwa kivulini. Mpiga picha asiyekuja kuangalia mahali mapema atapoteza nusu siku. Tukadirie shilingi 450,000 kwa kupiga na kusafisha picha, na shilingi 150,000 kwa maandalizi ya vyumba. Picha za droni nimeziacha. Urushaji wake unahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na mgeni anayechagua kitanda hahitaji kuona paa.

Mkubaliane kwa maandishi kwamba picha zitatumika kwenye tovuti, kwenye mitandao ya kuuza vyumba na kwenye machapisho, bila kikomo cha muda. Wahudumu na wageni wanaoonekana sura waombwe ridhaa. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika, hilo si suala la adabu peke yake. Kisha udai kila picha kwa ukubwa wa aina mbili. Ile ya asili, ambayo kwa kamera nzuri huweza kufika megabaiti 8 au zaidi, uitunze. Ya tovuti isizidi upana wa pikseli 2,000 na ikae chini ya kilobaiti 300. Ukurasa wenye picha kumi za asili humtaka mgeni wa simu ashushe megabaiti 80 za bando lake ili aone vyumba vyako, na wengi huondoka kabla picha ya tatu haijatokea.

Maandishi nayo yana bei. Maelezo ya vyumba, njia ya kufika, masharti ya kughairi, yote kwa lugha mbili, tuyawekee shilingi 200,000 kwa mwandishi anayeijua kazi. Hapa unaweza kuokoa ukiandika mwenyewe, kwa sababu wewe ndiye unayejua basi linashusha abiria wapi na maji ya moto hupatikana saa ngapi.

Linalobaki ni matunzo, na ndilo linalokula fedha nyingi kuliko yote ndani ya miaka mitatu. Tukadirie saa mbili za fundi kila mwezi, kwa shilingi 25,000 kwa saa. Katika saa hizo anasasisha mfumo na plagini, anachukua nakala rudufu na kuihifadhi nje ya seva ile ile, anabadilisha bei za msimu, na anajaribu fomu. Hili la fomu nalisisitiza. Fomu inaweza kukatika bila mtu kujua: mgeni anajaza, anaona shukrani kwenye kioo, lakini ujumbe haufiki, au unaangukia kwenye barua taka kwa sababu kumbukumbu za SPF na DKIM, zinazothibitisha mtumaji, hazikuwekwa sawa kwenye kikoa. Tovuti inaonekana nzima huku maombi ya vyumba yakipotea kwa wiki. Jaribio lake ni rahisi: kila mwezi jaza fomu mwenyewe kwa barua pepe nyingine, uone kama ujumbe umeingia. Nakala rudufu nayo, ambayo haijawahi kurejeshwa hata mara moja kwa majaribio, usiihesabu kama ipo.

Sasa tujumlishe. Mwaka wa kwanza tuna ujenzi 1,200,000, picha 450,000, maandalizi 150,000, maandishi 200,000 na plagini 286,000. Fundi ametoa dhamana ya miezi mitatu, kwa hiyo matunzo ni ya miezi tisa, shilingi 450,000. Jumla ni shilingi 2,736,000. Mwaka wa pili na wa tatu, kila mmoja, kikoa ni 30,000, hostingi 180,000, plagini 286,000, matunzo 600,000, na nusu siku ya mpiga picha kwa vyumba vilivyobadilishwa, 150,000. Hiyo ni shilingi 1,246,000 kwa mwaka. Tazama kiasi hicho: kuitunza tovuti mwaka mmoja kumepita bei ya kuijenga. Miaka mitatu yote ni 5,228,000. Ukiongeza asilimia kumi ya dharura, inafika takriban shilingi 5,750,000, ambayo kwa miezi 36 ni kama 160,000 kila mwezi.

Kiasi hicho kipime kwa vyumba. Chumba cha 80,000, ukitoa kifungua kinywa, ufuaji na umeme, tuseme 25,000, kinabakiza 55,000. Kwa hiyo tovuti inapaswa kuleta usiku tatu kila mwezi ambazo zisingeuzwa bila yenyewe. Lakini kama itawahamisha tu wageni ambao wangekuja kupitia mitandao ya kuuza vyumba, hesabu inabadilika. Unachookoa hapo ni kamisheni, na ikiwa ni asilimia 15, ni shilingi 12,000 kwa usiku. Utahitaji usiku 14 kila mwezi ili tovuti ijilipe. Mwenye nyumba anayesema tovuti itamkomboa na kamisheni aitazame namba hiyo kwa makini.

Kama usiku hizo hazipo, mahali pa kukata ni kwenye plagini. Kalenda ya moja kwa moja inamfaa mwenye vyumba vingi na mauzo kwenye mitandao mitatu minne. Kwa vyumba 12 daftari la mapokezi linatosha, na mgeni anaweza kupelekwa WhatsApp kwa kiungo cha `https://wa.me/` kinachofuatiwa na namba yako, bila gharama. Kiswahili na Kiingereza vinaweza kukaa kwenye kurasa mbili za kawaida zinazounganishwa kwa kitufe. Mabadiliko hayo mawili huondoa leseni zote za kulipia, na gharama ya mwezi hushuka hadi kama shilingi 134,000. Hata matunzo hupungua, maana kila plagini iliyotolewa ni mlango mmoja usiohitaji kulindwa. Mahali pasipofaa kukatwa ni picha na umiliki wa kikoa.

Kwa nyumba hii ya Bagamoyo, ningemshauri mwenyewe aanze na toleo hili dogo, ajaze bure wasifu wa biashara kwenye Google kwa picha zile zile 30, na awe na daftari la kuandika kila mgeni amepata habari wapi. Baada ya miezi 12, kama daftari linaonyesha usiku tatu kwa mwezi au zaidi kutoka kwenye tovuti, anunue kalenda. Kama hazifiki, asiongeze hata plagini moja. Nawe kabla hujatia saini, mwambie fundi aongeze mstari mmoja kwenye ankara yake: gharama ya mwaka wa pili, kitu kwa kitu, pamoja na jina la anayemiliki kila kimojawapo. Fundi anayeijua kazi yake ataujaza mstari huo siku hiyo hiyo.